Fanksheni Ambayo Hakuna Aliyeiandika: Kusaka Jina Ndani ya Mamilioni ya Mistari

Kompyuta yenye kiini cha Linux inapokumbwa na hitilafu kubwa, huandika kwenye skrini orodha ya fanksheni zilizokuwa zikiitana wakati mambo yanaharibika. Mafundi huisoma kutoka chini kwenda juu, kwa kuwa iliyo chini ndiyo iliyotangulia. Kwenye mashine zenye chipu za Intel au AMD, kama programu ilikuwa ikiandika data kwenye faili, kipande cha orodha hiyo huweza kuonekana hivi:

```
vfs_write
ksys_write
__x64_sys_write
```

Mstari wa chini ndio mlango: hapo programu ya kawaida iligonga na kukiomba kiini kiiandikie data. Fundi anayetaka kujua kilichojiri ataanzia hapo. Atafungua msimbo wa kiini, atafute jina hilo, asome mlango umeandikwaje. Atatafuta, wala hataona fanksheni iliyoandikwa kwa jina hilo. Mashine imeiendesha na imeitaja kwa jina, lakini hakuna mtu aliyewahi kuketi akaiandika.

Msimbo wenyewe si siri. Kila mtu anaweza kuupakua, na kiini hichohicho ndicho kilicho chini ya kila simu ya Android iliyomo mfukoni mwa msomaji. Tatizo ni wingi. Mwanzoni mwa 2025 msimbo wa Linux ulivuka mistari milioni 40, ukihesabu pamoja na maelezo na mistari mitupu. Hakuna anayeusoma wote. Hata wanaoujua vizuri huujua kwa vipande, na vipande vingine huvifikia kwa kutafuta.

Ruwaza badala ya neno

Njia ya kwanza ni kutafuta neno kama lilivyo. Ghala la msimbo likiwa linatunzwa kwa Git, amri ni fupi:

```
git grep -nw sys_write
```

Herufi `n` inaomba namba ya mstari, na `w` inaomba neno zima, ili `ksys_write` isiingie kwenye majibu. Yatakayorudi ni mengi kuliko yanayohitajika. Utaona tamko kwenye faili la `include/linux/syscalls.h`, linalosema tu kwamba fanksheni ya jina hilo ipo. Utaona majedwali yanayoorodhesha milango ya kiini kwa namba. Kwenye chipu za Intel na AMD za biti 64, `write` ni namba 1. Utaona pia maelezo ambamo mtu ameitaja tu. Mwili wa fanksheni, yaani mistari inayofanya kazi, haumo.

Anayeifahamu Linux anajua sababu. Milango ya kiini haiandikwi kwa majina yake kamili. Huandikwa kwa makro, yaani kifupisho ambacho hubadilishwa kuwa maandishi marefu kabla ya kompaila kuanza kazi yake. Makro hiyo inaitwa `SYSCALL_DEFINE`, ikifuatwa na tarakimu inayoonyesha mlango unapokea vitu vingapi. Ndani yake neno `write` hugandishwa kwenye viambishi kama `__x64_sys_`, na jina lililoonekana kwenye orodha ya ajali huzaliwa hapo, ndani ya kompyuta, bila kupita kwenye kibodi ya mtu yeyote.

Sasa fundi anajua umbo la anachokitafuta lakini hana neno kamili, na hapa ndipo ruwaza zinapofaa. Ruwaza, ambayo waandishi wa programu huiita rejeksi, ni maelezo ya umbo: hapa herufi hizi, hapa tarakimu yoyote, hapa nafasi zikiwepo au zisipokuwepo. Kwa mlango wetu inatosha hii:

```
git grep -nE 'SYSCALL_DEFINE[0-9]\(write,'
```

Mabano ya mraba yanasema "tarakimu moja, yoyote". Mkwaju ulio kabla ya mabano ya duara unasema "hili ni bano halisi, si alama ya ruwaza". Koma ya mwisho inaonekana kama kitu kidogo, lakini bila hiyo ungeletewa pia `writev`, ambao ni mlango mwingine. Jibu linakuja moja, kwenye faili la `fs/read_write.c`:

```c
SYSCALL_DEFINE3(write, unsigned int, fd, const char __user *, buf,
		size_t, count)
{
	return ksys_write(fd, buf, count);
}
```

Mlango wote ni huo. Unapokea vitu vitatu, unakabidhi kazi kwa `ksys_write`, basi.

Kabla ya kusoma faili hata moja

Amri ya `git grep` hufanya kazi kwa nguvu: hupita mafaili yote na kujaribu ruwaza kwenye kila mstari. Kwa Linux, kwenye kompyuta ya leo, hilo ni jambo la sekunde chache, na mara nyingi hakuna haja ya ujanja zaidi. Ghala likikua mara elfu, nguvu haitoshi tena. Wahandisi wa GitHub walilieleza hilo kwa hesabu mwaka 2023 walipoeleza mashine yao mpya ya utafutaji. Msimbo waliotaka uweze kutafutwa ulikuwa terabaiti 115. Walikadiria kwamba hata wakitumia vichakataji 2,048 kwa pamoja, kila kimoja kikipekua kwa kasi yake yote, swali moja la mtu mmoja lingechukua sekunde 96. Wakati huo wote mtu wa pili angekuwa anasubiri foleni.

Dawa ni faharasa. Wasomaji wa Biblia wanaijua itifaki, kile kitabu kinene kinachoorodhesha kila neno na mistari lilimo, ili mtu asilazimike kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo kulitafuta. Msimbo hata hivyo unaleta shida ambayo itifaki haina. Anayetafuta kwa ruwaza huenda hana neno zima. Ana nusu ya jina, au jina lenye tundu katikati, au mabano na koma ambazo si neno hata kidogo. Faharasa ya maneno haimsaidii.

Suluhisho lililotumika kwa miaka mingi lilijengwa na mwanafunzi aliyekuwa kwenye mafunzo kazini. Russ Cox alikuwa Google majira ya kiangazi ya 2006, chini ya mhandisi Jeff Dean. Wafanyakazi wa Google walikuwa tayari na chombo cha ndani kilichofanya kazi ya `grep` kwa kutumia seva nyingi, kila moja ikiwa imeshika kipande cha msimbo kwenye kumbukumbu yake. Dean alipendekeza kifanyike kitu cha aina hiyo kwa msimbo wote ulio wazi duniani. Google Code Search ilifunguliwa kwa umma Oktoba mwaka huohuo, na iliruhusu ruwaza kamili. Ilifungwa miaka michache baadaye, na Januari 2012 Cox akachapisha maelezo ya jinsi ilivyofanya kazi, pamoja na programu ndogo ambazo yeyote anaweza kuzitumia.

Wazo lake ni kusahau maneno na kukata maandishi katika vipande vya herufi tatu tatu vinavyopandana, ambavyo wataalamu huviita trigramu. Faharasa huandika, kwa kila kipande, orodha ya mafaili yenye kipande hicho. Kwa nini tatu? Vipande vya herufi mbili ni vichache mno vilivyo tofauti, kwa hiyo kila kimoja kimo karibu katika kila faili na hakichuji kitu. Vya herufi nne ni vingi mno na faharasa inavimba. Tatu zilikaa katikati. Cox alipojaribu kwa msimbo wa Linux 3.1.3, uliokuwa na megabaiti 420, faharasa ilitoka na megabaiti 77 tu.

Turudi kwenye ruwaza ya mlango wetu tuone faharasa inaifanyia nini. Sehemu ya `SYSCALL_DEFINE` inatoa vipande 12: `SYS`, `YSC`, `SCA`, na kuendelea hadi `INE`. Halafu kuna tarakimu isiyojulikana, ambayo kwa urahisi tunaweza kuiruka. Sehemu ya `(write,` inatoa vipande vitano: `(wr`, `wri`, `rit`, `ite` na `te,`. Faili lolote lenye jibu ni lazima liwe na vipande vyote 17. Mashine huchukua orodha 17, huzilinganisha, na kubakiza mafaili yaliyomo katika zote. Mpaka hapo haijafungua faili hata moja.

Yanayobaki ni watuhumiwa tu. Faili linaweza kuwa na `SYSCALL_DEFINE` mwanzoni kwa ajili ya mlango mwingine, na `(write,` huko mwisho kwa shughuli isiyohusiana. Lina vipande vyote, na jibu halimo. Kwa hiyo mashine humalizia kwa kuijaribu ruwaza yenyewe kwenye mafaili hayo machache. Faharasa ya namna hii huweza kukuletea faili la ziada, lakini haiachi faili lenye jibu, mradi iwe inaendana na msimbo wa sasa. Huo ndio uzuri wake, na ndiyo maana watu huiamini kuliko mashine za kutafuta zinazokisia.

Ruwaza yenye chaguo nayo hukatwa vilevile. Ukiandika `(read|write)_lock`, mashine inadai vipande vya `_lock` kwa hakika, pamoja na vya `read` au vya `write`. Ukisema usijali herufi kubwa na ndogo, kila kipande cha herufi tatu kinageuka kuwa na sura hadi nane, na kazi inaongezeka.

Zipo ruwaza zinazoipiga faharasa chenga kabisa. Mtu akiandika `\w+\(\w+\)`, yaani "neno lolote, bano, neno lolote, funga bano", hakuna herufi tatu mfululizo ambazo faharasa inaweza kuzidai. Kila faili ni mtuhumiwa. Dalili ni rahisi kuzitambua: swali lililokuwa likijibiwa papo hapo linaanza kusuasua, au majibu yanakatwa njiani kwa onyo kwamba muda umekwisha. Tiba ni kuongeza kipande cha maandishi halisi, hata herufi nne au tano tu za jina unalolikumbuka. Huu ni ushauri mdogo kuliko yote kwenye makala haya, na pengine ndio unaookoa muda mwingi zaidi.

Kwa ghala la ukubwa wa GitHub hata herufi tatu hazikutosha. Kipande kama `for` kimo karibu kila mahali, na orodha yake ina mafaili mengi kiasi kwamba kuisoma tu ni mzigo. Wahandisi wake wakahamia vipande vya urefu unaobadilika, vinavyochaguliwa ili vya kawaida mno viungane na jirani zao kuwa virefu na adimu zaidi.

Jambo jingine lilimtia Cox wasiwasi tangu mwanzo: umma unapewa nafasi ya kuandika ruwaza yoyote na kuitupia seva za kampuni. Injini nyingi za ruwaza hufanya kazi kwa kujaribu njia moja, ikishindikana zinarudi nyuma na kujaribu nyingine. Kuna ruwaza fupi ambazo kwa maandishi fulani huzalisha njia nyingi kiasi kwamba kichakataji kinazama. Tarehe 2 Julai 2019 kampuni ya Cloudflare ilionja jambo hilo bila mtu kukusudia ubaya: ruwaza moja mpya kwenye kanuni zake za ulinzi ilimaliza nguvu za vichakataji vyake duniani kote, na tovuti zilizoitegemea zikawa hazifunguki kwa takriban nusu saa. Cox alirudi kwenye mbinu aliyoichapisha Ken Thompson mwaka 1968, ambayo hufuata njia zote kwa pamoja na kuisoma kila herufi mara moja. Injini yake, RE2, ilitolewa bure kwa umma mwaka 2010. Ni haraka kwa namna inayotabirika, na kwa ajili hiyo imeacha kwa makusudi baadhi ya mbwembwe ambazo injini nyingine zinazo.

Faharasa inayojua majina

Ruwaza haielewi msimbo. Kwake `write` iliyo ndani ya maelezo, `write` iliyo jina la fanksheni na `write` iliyo ndani ya ujumbe wa kuchapishwa ni herufi tano zilezile. Ndiyo maana kuna njia ya pili, faharasa ya simboli, inayoorodhesha majina yaliyotangazwa kwenye msimbo: fanksheni, vigezo, miundo ya data, na kila jina limefafanuliwa kwenye faili gani, mstari gani. Bora zaidi huandika pia kila mahali jina lilipotumika. Fundi anaweka kishale juu ya `ksys_write`, anabonyeza, anatua kwenye mwili wake. Anabonyeza tena juu ya `vfs_write`, anatua huko.

Kwa Linux, njia ya haraka ni kuingia kwenye folda ya msimbo na kuandika `make tags` au `make cscope`, ikiwa programu zenyewe, ctags na cscope, zimesakinishwa. Asiyetaka kusakinisha chochote anaweza kutumia tovuti ya Elixir, inayoendeshwa na kampuni ya Bootlin ya Ufaransa, yenye matoleo mengi ya kiini yaliyokwisha kuorodheshwa.

Lakini mlango wetu, ule uliofichwa ndani ya makro, faharasa ya simboli inauonaje? Ctags ikiachwa peke yake haiuoni. Kwake mstari wa `SYSCALL_DEFINE3(write, ...` haufanani na ufafanuzi wa fanksheni yoyote iitwayo `sys_write`. Wanaotunza Linux walilitatua hilo kwa kuweka ndani ya faili la `scripts/tags.sh` orodha ya ruwaza zinazoifundisha: ukiona makro hii ikifuatwa na jina fulani, andika kwenye faharasa jina hilo likitanguliwa na `sys_`. Ziko nyingine nyingi za namna hiyo kwa makro nyingine. Kwa maneno mengine, faharasa ya majina yenyewe imejengwa kwa ruwaza, na haijui zaidi ya ilichofundishwa. Mtu akibuni makro mpya kesho bila kuongeza mstari kwenye faili hilo, majina yatakayozaliwa na makro yake hayataonekana.

Kuna faharasa makini zaidi, zinazojengwa kwa msaada wa kompaila yenyewe. Kwa lugha ya C chombo kinachotumika sana ni clangd. Google ina mfumo wake uitwao Kythe. Hizi huona msimbo baada ya makro kufunguliwa, kwa hiyo hazidanganyiki na viambishi. Bei yake ni kwamba zinajua tu kilichokompailiwa. Ukikompaili kiini kwa ajili ya kompyuta ya Intel, msimbo wa chipu za simu haumo kwenye faharasa yako, na vipengele ulivyovizima kwenye mipangilio havimo pia. Fundi akiuliza "fanksheni hii inaitwa na nani?" na akajibiwa "na wanne", ajue ni wanne wa mpangilio huo. Akiifuta kwa kuamini jibu hilo, ataivunja mashine ya mtu mwingine.

Hata bila makro, safari ya fundi wetu itakwama mahali pengine. Akifika `vfs_write` atakuta mstari huu:

```c
ret = file->f_op->write(file, buf, count, pos);
```

na chini yake tawi jingine linaloishia kuita `write_iter`. Hapa hakuna jina la fanksheni la kubonyeza. Kuna kielekezi, yaani nafasi ambamo kila mfumo wa mafaili huweka fanksheni yake. Ni ipi itakayoitwa? Inategemea faili lililofunguliwa liko kwenye diski ya aina gani, na hilo hujulikana programu inapoendeshwa tu. Ukibonyeza, faharasa itakupeleka kwenye tangazo la nafasi hiyo ndani ya `include/linux/fs.h`, ambalo ni kweli lakini halikusaidii.

Hapo fundi anarudi kwenye ruwaza. Hatafuti tena anayeita, anatafuta waliojisajili:

```
git grep -nE '\.write_iter[[:space:]]*=' -- fs/
```

Maana yake: nukta, jina, nafasi zozote, alama ya sawasawa, ndani ya folda ya mifumo ya mafaili. Orodha inayorudi ni ndefu lakini inasomeka, kwa kuwa njia ya kila faili inataja mfumo wake. Kama diski ya seva ilikuwa ya aina ya ext4, mstari unaohusika uko `fs/ext4/file.c`, na unataja `ext4_file_write_iter`. Jina hilo limeandikwa na mtu, herufi kwa herufi, kwa hiyo faharasa ya simboli inaweza kuendelea na kazi kuanzia hapo.

Wanaofanya kazi hii kila siku hubadilisha njia hivyo bila hata kufikiri, na hutafuta mara nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wahandisi wa Google ulikuta kwamba kwa wastani kila mmoja alifanya utafutaji mara 12 kwa siku ya kazi. Ghala lao wakati huo lilikuwa na mistari ya msimbo ipatayo bilioni mbili, likibadilishwa maelfu ya mara kwa siku. Kwenye ghala la namna hiyo faharasa huzeeka haraka. Dalili ya uzee ni unapobonyeza jina ukatua mistari kadhaa juu au chini ya mahali pake. Ukiona hivyo kwenye kompyuta yako, usipoteze muda kumtafuta mchawi: jenga faharasa upya.

Anayetaka kujaribu hahitaji seva za Google. Programu za Cox, `cindex` ya kujenga faharasa na `csearch` ya kutafuta, bado zinapatikana bure, na msimbo wa Linux unaenea kwenye kompyuta mpakato ya kawaida.